Nani Anashika Daftari? NFS na iSCSI kwenye Hifadhi ya Mashine Pepe

Chukua mashine pepe moja, namba 100, inayoendeshwa na Proxmox. Ukiiweka kwenye hifadhi ya NFS, diski yake utaikuta hapa:

```
/mnt/pve/hifadhi/images/100/vm-100-disk-0.qcow2
```

Ukiiweka kwenye hifadhi ya iSCSI yenye LVM juu yake, diski ileile utaikuta hapa:

```
/dev/vg_san/vm-100-disk-0
```

Ya kwanza ni faili. Unaweza kuinakili kwa `cp`, kuipima ukubwa kwa `ls -lh`, hata kuifuta kwa `rm` siku ukiwa na usingizi. Ya pili ni kipande cha diski ambacho Linux inakichukulia kama diski iliyofungwa ndani ya seva yenyewe. Mashine pepe iliyo ndani haijui tofauti. Inaona diski tu. Lakini msimamizi wa mifumo anaishi na tofauti hiyo kila siku, na karibu kila ubishi kuhusu NFS na iSCSI unatoka kwenye jambo moja: ni nani anayetunza mfumo wa faili. Kwa NFS ni hifadhi. Kwa iSCSI ni zile seva zinazoendesha mashine pepe, ambazo hapa nitaziita wenyeji.

Fikiria ghala lenye mtunzaji na daftari. Ukitaka gunia la mchele namba fulani, unamwambia mtunzaji, anafungua daftari, anajua liko rafu gani, anakuletea. Hiyo ndiyo NFS. Mwenyeji anatuma ombi la namna hii: nisomee baiti 4,096 za faili hili kuanzia mahali fulani. Hifadhi ndiyo inayojua faili hilo limelala kwenye bloki zipi za diski zake. iSCSI haina mtunzaji. Unakabidhiwa ufunguo wa chumba kitupu na kuambiwa rafu zimepewa namba kuanzia sifuri. Utapanga mwenyewe na utaandika daftari mwenyewe. Mwenyeji anatuma amri za SCSI zilezile ambazo zamani zilipita kwenye kebo ndani ya kompyuta, ila sasa zimefungashwa ndani ya TCP: soma bloki namba hii, andika bloki namba ile. Hifadhi haijui kama bloki hiyo ni ya hesabu za mishahara au ni ya mashine uliyoifuta mwezi uliopita.

Asili zake zinaeleza tabia hizo. NFS ilitengenezwa na kampuni ya Sun katika miaka ya 1980 ili watu wengi washiriki mafaili yaleyale kupitia mtandao, kwa hiyo kushirikiana kumo kwenye damu yake. iSCSI ilirasimishwa kwa waraka RFC 3720 mwaka 2004, kwa lengo la kupeleka diski mbali kwa mtandao wa kawaida badala ya vifaa ghali vya Fibre Channel. Diski tangu zamani ilikuwa na bwana mmoja, na iSCSI haikubadilisha hilo.

Hapo ndipo ajali ya kwanza inapotokea, nami nimeishuhudia kwa macho. Ofisi moja ilikuwa na wenyeji wawili na hifadhi moja. Fundi wao alitengeneza LUN moja, akaiunganisha kwenye wenyeji wote wawili hivi:

```
iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.20.5
iscsiadm -m node --login
```

Amri hizo hazina kosa lolote. Diski mpya ikatokea kwenye kila mwenyeji kwa jina la `sdb`. Akaiumbia mfumo wa ext4, akaiweka `mount` kwenye wenyeji wote wawili, akaanza kuweka diski za mashine pepe humo. Siku ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Dalili ya kwanza ilikuwa ya ajabu kidogo: faili lililoumbwa kwenye mwenyeji wa kwanza halikuonekana kwenye wa pili. Wakadhani mtandao una uzito, wakasubiri. Siku chache baadaye mashine mbili zilikataa kuwaka, na kwenye `dmesg` kulikuwa na mistari iliyoanza na `EXT4-fs error`, huku kila jaribio la kusoma folda moja likirudisha maneno `Structure needs cleaning`.

Kilichotokea ni hiki. Ext4, ikishawekwa, husoma ramani ya bloki zilizo wazi na kuishika kwenye kumbukumbu ya mwenyeji. Haina sababu ya kuisoma tena, kwa kuwa inaamini hakuna mwingine anayegusa diski ile. Mwenyeji wa kwanza akaona bloki 50,000 iko wazi, akaipa mashine 101. Mwenyeji wa pili, akitazama ramani yake iliyochakaa, naye akaiona iko wazi, akaipa mashine 104. Daftari mbili kwa ghala moja. `fsck` ilirudisha mpangilio wa folda, lakini bloki iliyokwisha kuandikwa juu yake hairudi. Waliokoa walichokuwa nacho kwenye chelezo za usiku na wakapoteza kilichobaki.

Kosa hilo haliwezekani kwenye NFS, maana hata wenyeji wawe kumi daftari ni moja na liko kwa hifadhi. Kwa iSCSI unahitaji kitu kinachowapatanisha wenyeji. Kwa watumiaji wa VMware kitu hicho kilikuwa VMFS, mfumo wa faili uliotengenezwa makusudi ili wenyeji wengi wa ESXi waandike kwenye LUN moja. Kila mwenyeji huandika pigo la moyo wake kwenye eneo maalumu la diski, na akitaka kugusa faili huchukua kufuli linaloandikwa kwenye diski hiyohiyo. Mwanzoni, kuchukua kufuli kulimaanisha kuishika LUN nzima kwa muda mfupi huku wengine wakingoja. Tangu vSphere 4.1 ya mwaka 2010, hifadhi zinazoelewa amri ya ATS hufunga kipande kidogo tu. Kazi hiyo ilifanyika kimya kiasi kwamba wasimamizi wengi walisahau kuwa ipo.

Walikumbuka baada ya Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware na muda mfupi baadaye kuacha kuuza leseni za kudumu. Ofisi nyingi zikaanza kutafuta njia ya kuhamia Proxmox, na hapo tofauti ya NFS na iSCSI ikageuka kuwa suala la siku za kazi. Aliyekuwa na NFS alifungua hifadhi yake ileile kwa wenyeji wapya, akayaona mafaili ya `.vmdk` yakiwa palepale, akayageuza kwa `qemu-img convert` moja baada ya jingine. Aliyekuwa na iSCSI alikuta LUN iliyojaa VMFS ambayo Linux haiifungui kwa zana zake za kawaida. Kwa kuwa daftari la VMFS linasomwa na ESXi, ilibidi ESXi ibaki hai mpaka mashine ya mwisho ihamishwe, na nafasi ya LUN mpya ipatikane pembeni.

Na Proxmox haiji na mbadala wa VMFS. Njia yake ya kawaida kwa iSCSI ya kushirikiana ni LVM: LUN nzima inakatwa vipande, kila diski ya mashine pepe ikipewa kipande chake. Hakuna mgongano, kwa kuwa mashine moja huendeshwa na mwenyeji mmoja kwa wakati mmoja, na klasta ya Proxmox ndiyo inayohakikisha wawili hawakati vipande kwa pamoja. Angalia neno klasta hapo. Ukiiunganisha LUN hiyo kwenye klasta mbili tofauti, kila moja ikiwa na mashine namba 100, zote zitadai kipande kinachoitwa `vm-100-disk-0` na hakuna atakayezizuia.

Gharama za njia hii ni mbili. Kwanza, diski ya GB 100 inachukua GB 100 papo hapo, hata kama ndani yake kuna GB 12 tu. LVM-thin ingesaidia, lakini hiyo haiwezi kushirikiwa na wenyeji wengi. Pili, kwa miaka mingi LVM ya kushirikiana kwenye Proxmox haikuwa na snapshoti. Toleo la 9 la mwaka 2025 lilileta namna ya kuzipata kwa kuunganisha vipande kama mnyororo, ingawa lilipotoka hilo lilikuwa jambo la majaribio. Kwenye NFS, faili la qcow2 linakupa vyote viwili tangu siku ya kwanza: linakua kadiri unavyoandika, na snapshoti ni kubonyeza kitufe. Haina maana kuwa ni bure. Kufuta snapshoti kubwa ya qcow2 kupitia NFS kunaweza kuigandisha mashine kwa dakika kadhaa, kwa hiyo usifanye saa nne asubuhi wakati wahasibu wamo kazini.

Sasa nije kwenye sababu inayotajwa mara nyingi zaidi ya kuchagua iSCSI, ambayo ni kasi. Mtu anaunganisha ESXi na hifadhi yenye ZFS na diski za kuzunguka. Anajaribu NFS, anaona uandishi unasuasua. Anajaribu iSCSI kwenye diski zilezile na kebo ileile, uandishi unapaa. Anahitimisha kuwa iSCSI ni itifaki yenye kasi. Hitimisho hilo si sahihi, na ni vema kulifuatilia hatua kwa hatua, maana lina hatari ndani yake.

ESXi inapoandika kwenye NFS, kila ombi la kuandika linabeba sharti: usinijibu mpaka data iwe imetulia mahali ambapo umeme ukikatika haitapotea. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja. Ukiandika rekodi moja, ukasubiri jibu, kisha ukaandika nyingine, utapata kama mia moja hivi kwa sekunde. Rekodi 500 za malipo zitachukua sekunde tano. Hiyo ndiyo kasi halisi ya diski hizo kwa kazi ya namna hiyo.

Kwa iSCSI, ESXi haitoi sharti hilo. Inachukulia kwamba diski ikisema imeandika, basi imeandika. ZFS nayo, isipoombwa vinginevyo, hupokea data kwenye RAM, hujibu mara moja, kisha huimwaga diskini kwa mafungu kila baada ya sekunde tano hivi. Rekodi 500 zinaonekana kumalizika chini ya sekunde moja, kumbe ziko kwenye RAM. Umeme ukikatika kwenye hifadhi wakati huo, sekunde kadhaa za uandishi uliokwisha kuthibitishwa zinapotea. Mbaya zaidi ni pale hifadhi inapozimika huku wenyeji wakiendelea kuwaka kwa UPS yao. Hifadhi ikirudi, LUN imerudi nyuma sekunde chache, lakini wenyeji na mashine pepe bado wanakumbuka walichoandika na wanaendelea kujenga juu yake. VMFS inaelekeza kwenye bloki ambazo hazina kilichotarajiwa. Hifadhidata inavunjika siku kadhaa baadaye, na hakuna anayekumbuka umeme ulikatika lini.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, ilazimishe iSCSI itoe ahadi ileile:

```
zfs set sync=always tank/lun-vm
```

Kisha pima ndani ya mashine pepe, kwanza kwenye NFS halafu kwenye iSCSI:

```
fio --name=jaribu --filename=/var/tmp/jaribu --size=1G \
    --rw=randwrite --bs=4k --fdatasync=1
```

Matokeo yatakaribiana sana. Tiba ya uzito huo ni ileile kwa zote mbili: kuipa ZFS SSD ya pembeni ya kuandikia kwanza, yenye kapasita zinazolinda data umeme ukikatika. Haihitaji kuwa kubwa. Mtandao wa gigabiti 10 unaleta kama GB 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tano za uandishi hazifiki GB 7. Ubora wake ndio muhimu. SSD ya bei nafuu isiyo na kapasita inakurudisha kwenye ahadi ya uongo. Na wanaotumia seva ya NFS ya Linux wasijaribiwe kuandika `async` kwenye `/etc/exports` ili kupata kasi, maana ni uongo uleule kupitia mlango mwingine. Mstari wangu huwa hivi:

```
/srv/vm 10.10.20.0/24(rw,sync,no_root_squash,no_subtree_check)
```

Hilo `no_root_squash` linahitajika kwa kuwa mwenyeji huandika kama root. Likikosekana, hifadhi itaonekana imeunganishwa vizuri, lakini jaribio la kwanza la kuandika litagoma kwa `Permission denied`. Linampa root wa mtandao huo mamlaka yote, ndiyo maana mtandao wa hifadhi uwe peke yake, usichanganywe na wa ofisi.

Nafasi nayo inafuata daftari. Ukifuta mashine kwenye NFS, faili limeondoka na hifadhi inajua papo hapo. Kwenye iSCSI, mwenyeji anafuta jina kwenye daftari lake, hifadhi haina habari. Utaona wenyeji wakisema GB 900 zinatumika huku hifadhi ikisema TB 1.8, mpaka mwenyeji atume amri ya UNMAP kuzitaja bloki alizoziacha. Ukiwa umegawa nafasi kubwa kuliko diski ulizonazo, tofauti hiyo ndiyo itakayosimamisha mashine zote kwa pamoja siku diski zitakapojaa.

Kurejesha mashine moja kutoka kwenye snapshoti ya hifadhi kuna hadithi ya namna hiyohiyo. Kwa NFS juu ya ZFS unaingia `.zfs/snapshot`, unanakili faili la mashine 100, umemaliza. Kwa iSCSI, snapshoti ni ya LUN nzima pamoja na mashine zake zote. Inabidi utengeneze nakala yake, uionyeshe kwa mwenyeji kama diski ya pili, kisha utumie `vgimportclone` kuipa vitambulisho vipya, kwa sababu LVM ikikuta diski mbili zenye vitambulisho sawa itakataa au itachanganyikiwa. Si kazi ngumu kwa aliyewahi kuifanya. Kwa anayeifanya mara ya kwanza saa nane usiku, ni jambo jingine.

iSCSI ina upande wake wenye nguvu, na upande huo ni njia. Hifadhi ya kibiashara yenye vidhibiti viwili na swichi mbili inampa mwenyeji njia mbili au nne za kufikia LUN ileile, na multipath inazitumia zote: moja ikifa, nyingine zinaendelea, na zikiwa hai zote, mzigo unagawanyika. NFS ya kawaida hufungua muunganisho mmoja wa TCP. Kuunganisha kebo mbili kwa LACP hakusaidii muunganisho mmoja, kwa kuwa unapita kwenye kebo moja tu. Kwenye gigabiti 1 utaishia karibu MB 110 kwa sekunde hata ukiwa na kebo nne. Linux tangu toleo la 5.3 ina chaguo la `nconnect` linalofungua miunganisho kadhaa, na NFS 4.1 ina njia zake, ila msaada wake hutegemea hifadhi uliyonunua.

Kebo ikikatika kabisa, tabia zinatofautiana. NFS iliyowekwa kwa `hard` inangoja bila kikomo. `df` inaganda, mashine pepe zinasimama, na hifadhi ikirudi mara nyingi zinaendelea zilipoishia. Ukiweka `soft` ili isigande, itarudisha hitilafu katikati ya uandishi, na hilo kwa diski za mashine pepe silipendekezi hata kidogo. iSCSI ya Linux hungoja sekunde 120 kwa kawaida, kisha hurudisha hitilafu, na ext4 iliyo ndani ya mashine pepe mara nyingi hujigeuza kuwa ya kusoma tu. Ndiyo sababu baada ya kukatika kwa dakika tatu unakuta mashine zinajibu `ping` lakini hazihifadhi chochote. Mwenye njia mbili hupunguza muda huo, wengi hadi sekunde 15, ili uhamisho kwenda njia ya pili usichelewe.

Jambo moja linazisumbua zote na huchukua siku nzima kulitambua: MTU. Mtu anaweka 9000 kwenye wenyeji na hifadhi, anasahau mlango mmoja wa swichi. Kuunganisha kunafanikiwa, kuorodhesha mafaili madogo kunafanikiwa, kunakili faili kubwa kunaganda. Jaribu hivi:

```
ping -M do -s 8972 10.10.20.5
```

Baiti 8,972 pamoja na 28 za vichwa ni 9,000. Isipojibu huku `ping` ya kawaida inajibu, kosa liko njiani na wala si kwenye itifaki.

Kwa ofisi yenye wenyeji wawili hadi watano wa Proxmox na hifadhi moja yenye ZFS au Linux, mimi naweka NFS, pamoja na SSD yenye kapasita ya kupokea uandishi. Palipo na hifadhi yenye vidhibiti viwili, swichi mbili, na mtu anayeijua multipath na LVM, iSCSI inastahili mahali pake. Kwa vyovyote utakavyochagua, kabla hujaweka mashine ya kwanza yenye data za watu, chomoa kebo ya hifadhi kwa dakika tatu huku mashine ya majaribio ikiandika, irudishe, kisha soma `dmesg` ya mwenyeji na ya mashine yenyewe.